VIX ilipogonga 65 kabla soko halijafunguliwa

Asubuhi ya Jumatatu, 5 Agosti 2024, soko la hisa la New York likiwa bado halijafunguliwa, VIX, fahirisi inayopima msukosuko ambao soko la hisa la Marekani linautarajia kwa siku 30 zijazo, ilipaa hadi 65 na ushei. Ijumaa iliyotangulia ilikuwa imefunga kwenye 23. Jioni ya Jumatatu hiyo fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani iitwayo S&P 500 ilikuwa imeshuka kwa asilimia 3, na VIX imerudi kwenye 38. Ile 65 ilikuwa ya kweli?

Jibu limo katika namna inavyopikwa. Cboe, soko la Chicago la opsheni, yaani haki za kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa mapema, huchukua opsheni za S&P 500 zinazobakiwa na siku kati ya 23 na 37 kabla ya kuisha muda: zile za kuuza, ambazo ni bima ya anguko, na zile za kununua, ambazo huwalipa walio nazo bei ikipanda. Bei ya kila opsheni hugawanywa kwa mraba wa bei yake ya utekelezaji, yaani ile iliyopangwa mapema, kisha zote hujumlishwa. Kwa hiyo bima ya anguko kubwa, ya 4000 tuseme, ina uzito mara moja na nusu hivi kuliko ya 5000.

Lakini ni bei ipi? Si ya biashara iliyofanyika. Ni katikati ya anachotoa mnunuzi na anachotaka muuzaji. Tuseme siku ya utulivu mnunuzi anatoa dola 1.00 na muuzaji anataka 1.20: katikati ni 1.10. Siku ya taharuki, alfajiri, muuzaji anajihami na kudai 5.00, mnunuzi hajasogea: katikati ni 3.00. Bei imepanda karibu mara tatu, na hakuna aliyenunua hata moja. Zaidi ya hapo, opsheni za mbali ambazo jana hazikuwa na mnunuzi, hivyo ziliachwa nje, leo zikipata hata senti tano huingia kwenye hesabu.

Wanaoitetea husema muuzaji kukataa kuuza bima kwa bei ya kawaida ni hofu tosha. Wana hoja. Ila mikataba ya baadaye ya VIX yenyewe, ambayo kwayo watu waliweka fedha zao kukisia VIX itakuwa ngapi siku zijazo, ilipanda kidogo sana kuliko fahirisi asubuhi ile. Kwangu hilo lina uzito zaidi: sehemu ya ile 65 ilikuwa ukame wa wauzaji.

Hata siku tulivu, VIX haisemi soko litaelekea wapi, maana opsheni za kupanda nazo zimo. Wala si utabiri safi wa msukosuko: ndani ya bei ya bima kuna faida ya muuzaji, ndiyo maana mara nyingi VIX huwa juu ya mtikisiko unaokuja kutokea. Na baada ya siku 30, haina habari.

Ikiruka tena alfajiri, mimi nitatazama kwanza mwanya kati ya mnunuzi na muuzaji.