Hukuibiwa, Kaka: Umegongwa na Bei ya Pili

Juzi nikiwa Mwanjelwa, Mbeya, nasubiri kukatiwa ndizi, jamaa yangu mmoja akanisimamia kichwani na simu. "Kaka, tazama wezi hawa!" Hata salamu hakuna. Chati ya GBPUSD, pin ba, ile baa yenye mkia mrefu, safi kabisa ya siku nzima, stopu iko juu ya mkia kama tunavyofundishana, bei haikuifikia, na oda imefungwa kwa hasara. Kabla ndizi hazijafungwa alikuwa ameshamwita broka wake majina ambayo mama muuza ndizi hakustahili kuyasikia.

Hiyo pin ba ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima. Juu 1.2740, chini 1.2650, imefunguka 1.2672 na kufunga 1.2660. Mkia wa juu pipsi 68 kati ya 90, yaani robo tatu ya baa nzima. Akaweka Sell Stop 1.2648 na stopu 1.2742, pipsi mbili nje ya mkia, loti 0.05. Kesho yake mchana oda ikaingia, bei ikasuasua, kisha ikarudi kupanda. Usiku ikafika 1.2735, pipsi saba chini ya stopu yake. Akatolewa. Halafu, kama kawaida ya mambo haya, ikaporomoka hadi 1.2560 yeye akiwa amejifunika blanketi mbili.

Nikamuuliza: ulitolewa saa ngapi? Saa sita usiku na dakika chache. Basi, kesi imekwisha.

Chati unayoitazama kwenye MetaTrader imechorwa kwa bei ya Bid peke yake. Ukiuza, unaingia kwa Bid, lakini ili kutoka lazima ununue, na kununua ni kwa Ask. Kwa hiyo stopu ya aliyeuza haisubiri ile mishumaa unayoiona, inasubiri Ask, ambayo iko juu yake kwa kiasi cha spredi, yaani pengo kati ya bei hizo mbili. Mchana spredi ya pauni ni pipsi moja au mbili na hakuna anayejali. Sasa msimu wa baridi ya kwetu, saa sita usiku yetu ndiyo saa kumi na moja jioni ya New York: siku ya soko inafungwa, mabenki yanayotoa bei yanapungua, spredi inatanuka. Usiku ule kwa broka wake ilifika pipsi tisa. 1.2735 jumlisha tisa ni 1.2744. Stopu ilikuwa 1.2742. Aligongwa kihalali na bei ambayo hakuwahi kuiweka kwenye chati, wakati kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuonyesha mstari wa Ask, unakitiki tu.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: mabroka si malaika, na wapo wanaotanua spredi kuliko wenzao. Fungua akaunti mbili za demo, kaa macho saa sita usiku, ulinganishe. Lakini "nje ya baa" kwa anayeuza maana yake ni ncha ya mkia, jumlisha spredi ya usiku, jumlisha nafasi kidogo ya kupumua. Hapa ilitakiwa iwe kama 1.2753.

"Ah, kaka, stopu kubwa hiyo, nitaliwa zaidi!"

Hapo ndipo nilipokasirika mimi. Stopu yake ya pipsi 94 kwa loti 0.05 ilimla dola 47, na akaunti ina dola 500. Yangu ya pipsi 105 kwa loti 0.01 ingekula dola 10 na nusu. Kubwa ni ipi? Baa ndiyo inayosema stopu ikae wapi. Loti inafuata nyuma. Watu wanafanya kinyume: wanaamua loti kwa tamaa, kisha wanaisogeza stopu hadi katikati ya mkia ili hasara ionekane ndogo. Na bei hupenda sana kurudi nusu ya mkia kabla ya kuondoka, hata wapo wanaosubiri hapo hapo ndipo waingie. Unaweka stopu mlangoni pa wenzako! Kama akaunti ni ya dola 100, baa inayotaka stopu ya pipsi 105 inakula asilimia kumi na nusu hata kwa loti ndogo kabisa. Iache ipite.

Ukinunua, mambo yanageuka: stopu yako chini inafuata Bid, chati haikudanganyi, ila Buy Stop yako juu ya baa inaingia kwa Ask, kabla mshumaa haujavunja chochote. Hiyo nayo iongezee spredi. Na pengo la Jumatatu alfajiri linaruka stopu yoyote, usiniulize.

Insaidi ba, baa ndogo iliyomezwa na baa mama iliyoitangulia? Stopu upande wa pili wa baa mama. Ukiibana kwenye baa ndogo, ujue umenunua bei nafuu na kelele nyingi.

Jana usiku katuma picha nyingine. Mstari wa Ask umewashwa, mwekundu, umenyooka vizuri. Loti 0.05.