Ukuta wa mita 110 umekosa alama

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Juzi alinipa ripoti yake ya utafiti wa matumizi ya ardhi kwenye barabara moja ya huku Majengo, akasema, "Mjomba, nimekosea wapi?" Kapata 13 kati ya 30. Nimefundisha Jiografia miaka mingi. Nikaomba mwongozo wa usahihishaji, nikausoma, na hasira haijaniisha hadi leo.

Jalada na unadhifu, alama 6. Shukrani na utangulizi, 6. Njia za kukusanya data, 4. Matokeo, 8. Hitimisho, 6. Karatasi za uwanjani, zile alizoandikia akiwa amesimama juani, hazina hata alama moja. Huo utangulizi wenyewe ni historia ya makao makuu Dodoma, kwa hiyo darasa zima limeandika kwamba CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianzishwa 1973, ikavunjwa 2017. Ni kweli, lakini hakuna aliyehitaji kukanyaga ile barabara ili aiandike.

Kwenye matokeo ndipo alipoumizwa. Mwongozo umeshaandika jibu: "Biashara ndiyo matumizi makuu." Yeye alisema si hivyo, akakatwa.

Tazameni alichofanya. Alichukua upande mmoja wa barabara, mita 300. Kwanza alipima hatua zake: alitembea mita 100 za tepu mara tatu, akapata hatua 136, 140 na 138. Wastani ni 138, yaani kila hatua ni kama sentimita 72. Kisha akapita mbele ya kila jengo akihesabu hatua na kuandika linatumika kwa nini. Akapata fremu za maduka 24 zenye upana wa mita 4 kila moja, nyumba za kuishi 9 za mita 8, gereji moja ya mita 12, kiwanja kitupu cha mita 10, na ukuta wa shule wa hatua 152, ambazo ni mita 110.

Ukihesabu majengo na viwanja, vipo 36, na maduka ni 24, theluthi mbili. Hilo ndilo jibu la mwongozo. Ukipima urefu, maduka yote yanachukua mita 96 kati ya 300, asilimia 32. Shule, iliyohesabiwa kama kitu kimoja kati ya 36, peke yake inachukua karibu asilimia 37. Fremu ni nyembamba, ndiyo maana zinajaa kwenye hesabu. Mtoto ameuliza ardhi inatumikaje, akajibu kwa ardhi. Aliyesahihisha amejibu kwa idadi ya milango.

Nakubali, njia yake ina mpaka. Upana wa mbele hauonyeshi kiwanja kinaingia ndani kiasi gani, na genge la nyanya linalopangwa jioni halimo kabisa. Lakini aliyaandika hayo mwenyewe, pamoja na saa aliyopita. Hakuna alama ya mapungufu kwenye mwongozo.

Nyumba yenye duka sebuleni ilimsumbua. Aliandika matumizi anayoyaona chini, upande wa barabara, na akatenga safu nyingine kwa yale ya ndani au ya ghorofani. Ni sawa. Hati inaweza kusema makazi huku fremu imeshafunguliwa miaka kumi, na kazi ya utafiti huu ni kuandika kilichopo.

Jalada safi linasaidia kusoma, sibishi. Alama 1 inatosha.

Ningeupanga upya hivi: njia 8, karatasi za uwanjani 7, ramani mchoro 6, matokeo 5, mapungufu 3, unadhifu 1. Karatasi za uwanjani nazipa uzito kwa sababu ndizo zinazofichua data za kubuni. Jumlisha upana wa majengo yote pamoja na midomo ya vichochoro: lazima ukaribie urefu wa barabara uliopimwa peke yake. Ikipungua mita 20, kuna kiwanja kimerukwa. Namba zote zikiishia na sifuri au tano, mwanafunzi alikaa nyumbani. Na mwalimu akichagua majengo mawili akayapima mwenyewe, dakika kumi zinatosha kujua.

Hitimisho nimelifuta kama kipengele cha pekee. Matokeo yakiwa na hoja, hitimisho limo humo. Yasipokuwa nayo, alama 6 zinanunua sentensi za kunakili.

Nimezungumza na mwalimu wake kwa heshima, mwenzangu kikazi. Hakuukataa mchoro wa mpwa wangu; alisema mwongozo aliukuta na hakuwahi kuupima barabarani. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, tutakutana pale kwenye kona ya ukuta wa shule. Tepu ya mita 100 ninayo.