Mg 6 inakaba, mg 50 inapita: koo linapima nini?

"Kaka, niko Mwanjelwa hapa Mbeya, nilikuwa mvutaji wa sigara, sasa nimehamia kwenye vepu. Juisi ya mg 6 kwenye tangi langu kubwa inanikaba mpaka nakohoa, ila hiki kidogo cha solti cha mg 50 kinapita bila hata kikohozi. Ipi kali kati ya hizo? Na nikimimina hiyo ya 50 kwenye tangi nipate mvuke mwingi, kuna shida?"

Nianze na la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuangusha: usimimine. Hesabu yake nitaiweka huko mbele. Kuhusu ipi kali, jibu linategemea unamuuliza nani. Ukiliuliza koo, litakwambia ile yenye mg 6 za nikotini kwa kila mililita. Ukiiuliza damu, itakwambia ile ya 50. Koo halina uwezo wa kupima wingi wa nikotini. Linachohisi ni nikotini ambayo haijafungwa na asidi, basi.

Nikotini kwa asili yake iko upande wa magadi, si upande wa ndimu. Katika juisi za kawaida imeachwa huru hivyo hivyo, na pH ya chupa, kipimo ambacho namba ikipanda umagadi unazidi na ikishuka uasidi unazidi, mara nyingi huwa 8 hadi 9. Ikiwa katika hali hiyo haina chaji, hivyo hugeuka hewa kwa urahisi. Ukivuta, sehemu yake hutoka kwenye vitone vya mvuke ikatua mdomoni na kooni, ikachokoza mishipa ya fahamu iliyopo pale. Huko ndiko kukabwa unakokusema. Kwenye solti, yaani juisi ya chumvi ya nikotini, mtengenezaji ametia asidi, mara nyingi ya benzoiki, wakati mwingine ya laktiki au ya levuliniki. Nikotini huchukua hidrojeni kutoka kwenye asidi, inapata chaji, na kitu chenye chaji hakiruki hewani kirahisi. Kinabaki ndani ya kitone, kinapita kooni kimyakimya na kushuka kwenye mapafu.

Sasa tuweke namba. Nikotini hugawanyika nusu kwa nusu, nusu huru na nusu iliyofungwa, pH ikiwa karibu 8. Kwenye 9, sehemu tisa kati ya kumi ziko huru. Kwenye 6, iliyo huru ni kama sehemu moja tu kati ya mia. Chukua chupa yako ya mg 6 yenye pH 9: nikotini huru ni takriban mg 5.4 katika kila mililita. Chukua solti ya mg 50 yenye pH 6: nikotini huru ni kama mg 0.5. Ni makadirio, kwa sababu pH ndani ya gliserini haiendi sawasawa kama ndani ya maji, lakini picha ni hiyo. Chupa iliyoandikwa namba ndogo inalipiga koo lako mara kumi zaidi ya ile yenye namba kubwa.

Watu wa nyanda hizi wanaijua kanuni hii kwa vitendo, hata kama hawaiiti kemia. Bibi anayetia magadi kwenye ugoro hafanyi mapambo. Magadi yanapandisha pH, nikotini inafunguka, inapenya kwenye utando wa mdomo au pua, na ukali unasikika papo hapo. Sigara imekwenda njia ya pili. Tumbaku ya mvuke, ile inayolimwa Chunya na kukaushwa kwenye mabani, hubaki na sukari nyingi, na moshi wake huelekea kwenye asidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuumeza moshi wa sigara hadi chini ya mapafu, jambo ambalo wavutaji wa siga, zile nene za majani ya tumbaku matupu, wengi hawaliwezi. Kwa hiyo solti haikuleta jambo geni duniani. Kampuni ya Pax Labs ya Marekani ilipoingiza Juul sokoni mwaka 2015, ikiwa na nikotini na asidi ya benzoiki, iliurudisha ulaini wa sigara kwenye kifaa cha umeme.

Wauzaji huongeza maneno hapa. Watakwambia solti "inaingia kwenye damu haraka" kana kwamba asidi inaisukuma. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Majimaji ya mapafu yana pH ya karibu 7.4, na ni mengi mno kubadilishwa na asidi kidogo iliyomo kwenye pafu moja la vepu, yaani mvuto mmoja. Nikotini ikifika huko, solti au huru, inajigawa upya: karibu moja ya tano inakuwa huru, hiyo inapenya kwenye damu, na iliyobaki inaendelea kufunguka kujaza nafasi yake. Wapo watafiti waliokuta solti imeipeleka damuni nikotini nyingi kidogo hata nguvu zikiwa sawa, na inaeleweka, kwani kinachofika chini bila kupungua njiani ni kingi zaidi, na mtu asiyekabwa huvuta kwa kina. Ila tofauti kubwa inayosikika mtaani inatokana na jambo rahisi zaidi: solti inakuwezesha kuvuta namba ambayo isingevutika. Juisi huru ya mg 50 ungeitoa mdomoni kwa pafu la kwanza.

Hapo ndipo inaingia hesabu ya tangi. Kifaa kidogo cha wati 8 hadi 12 huteketeza juisi kama mg 4 kwa pafu moja. Kwa solti ya 50, hiyo inatoa nikotini ya takriban mg 0.17. Tangi kubwa la wati 60 linaweza kuteketeza juisi mg 25 kwa pafu. Ukiweka juisi ya mg 6, unapata kama mg 0.13. Unaona, vifaa viwili tofauti kabisa vinakaribiana. Sasa mimina ya 50 kwenye tangi: pafu moja linakuwa na zaidi ya mg 1. Sigara nzima humpa mvutaji mg 1 hadi 1.5, kwa mivuto kumi au zaidi, kwa dakika tano. Wewe utakuwa umevuta karibu sigara nzima kwa sekunde tatu, na koo halitakuonya vya kutosha. Dakika chache baadaye ni mate kujaa mdomoni, jasho la baridi, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kizunguzungu. Ikikutokea, acha kuvuta, kaa penye hewa. Ukianza kutapika mfululizo, kushindwa kupumua vizuri au kupoteza fahamu, hiyo ni safari ya hospitali, si ya kusubiri kesho.

Je, solti ni jambo baya basi? Kwa mvutaji sugu, hoja ya kuitetea ina uzito. Aliyekuwa anamaliza pakiti kwa siku anahitaji nikotini itakayofika haraka na kwa kiasi cha kutosha, la sivyo atairudia sigara jioni hiyo hiyo. Juisi huru ya mg 3 au 6 kwenye kifaa kidogo haimtoshi, na akiongeza hadi 18 koo linagoma. Akibaki na ile dhaifu, anaifidia kwa kuvuta mara nyingi zaidi na kwa wati kubwa, na koili, ule waya unaochemsha juisi, inapopata moto sana gliserini huanza kuvunjika na kutoa vitu kama formalidehaidi. Kwa mtu huyo, solti ya nguvu ya wastani kwenye wati ndogo ni chaguo lenye akili.

Upande wa pili unamhusu mtu ambaye hakuwahi kuvuta chochote. Kwake, kukohoa kulikuwa ndiyo kinga pekee. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa watu wazima juisi zile zile, tofauti ikiwa tu solti au huru. Solti ilionekana laini zaidi na ya kupendeza zaidi, na pengo la ukali lilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao hawakuwahi kuvuta sigara. Kwa maana hiyo, sifa inayomsaidia mzee kuachana na pakiti ndiyo hiyo hiyo inayomfungulia mlango kijana wa chuo pale Iyunga. Ukitia na ladha ya menthol, ambayo hupoza koo, hata ule ukali mdogo uliobaki unafichika. Ninaona Umoja wa Ulaya ulifanya busara kuweka kikomo cha mg 20 kwa mililita. Hakimzuii mvutaji kupata anachohitaji, lakini kinamzuia mtengenezaji kutumia ulaini wa solti kuuza namba yoyote anayotaka. Mg 50 sijaona inamsaidia nani ila muuzaji.

Jingine linalowachanganya watu ni lebo. Alama ya asilimia si mg. Asilimia 3 ni kama mg 30 kwa mililita, asilimia 5 ni kama mg 50. Nimewahi kumsikia mtu akiomba "ile ya tatu", akapewa ya asilimia 3 wakati alikuwa amezoea mg 3. Tofauti ni mara kumi. Angalia pia ujazo: kile cha kutupa chenye mililita 10 za asilimia 5 kimebeba nikotini mg 500. Kisikae mezani palipo na mtoto.

Na usiuamini sana ukali unaousikia asubuhi za Juni huku kwetu. Juisi ya tangi yenye gliserini nyingi huganda nzito kwenye baridi, pamba inachelewa kulowa, koili inaungua kavu, na koo linawaka kwa sababu isiyohusiana na nikotini. Vilevile kifaa kilichopanda basi kutoka Dar: kikimaliza Kitonga na kufika Mbeya, hewa iliyonaswa ndani imetanuka, juisi imesukumwa hadi kwenye mrija, na pafu la kwanza linakurushia matone ulimini. Ifute kwanza kwa tishu.

Kwako wewe, ningekwambia ubaki na kifaa kidogo na ushuke hadi solti ya mg 20. Tangi libaki na juisi huru ya mg 3, kama kweli unaupenda huo mvuke mwingi. Kabla ya kushuka, andika mililita mbili zinakuchukua siku ngapi. Kama kwenye 50 zilikuchukua siku tano na kwenye 20 zinakwisha kwa siku mbili, bado unatumia mg 20 zile zile kila siku: umebadilisha chupa, dozi haijashuka hata kidogo. Kama zinakuchukua siku nne, umefika mg 10 kwa siku.