Inna lillahi siyo "pole", jamani

Juzi msibani Magomeni, tumekaa kwenye mkeka chini ya turubai, kuna kaka mmoja kafika kutoka ofisini kwa marehemu, mgeni kabisa wa mambo yetu. Kila anayeingia anasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, yeye kanong'ona kumuuliza jirani yake, samahani hayo maneno maana yake nini? Akajibiwa "ni pole tu ya Kiislamu". Mwingine wa pembeni akadakia, "we soma madrasa utajua". Basi wakacheka. Mtu kauliza kwa adabu zake zote anachekwa, na wanaomcheka wenyewe ukiwabana hawajui, ndo kilichonichefua.

Mimi nikamjibu. Maana yake ni hii: "Hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na hakika kwake yeye tutarejea." Basi. Ukiivunja vipande, inna ni hakika sisi, lillahi ni wa Mwenyezi Mungu, yaani mali yake, halafu wa ni na, inna hakika sisi tena, ilayhi ni kwake, rajiun ni wenye kurejea. Hiyo rejea yetu ya Kiswahili ndo hiyohiyo imetoka huko.

Sasa angalia hapo marehemu katajwa wapi? Hakuna! Ni SISI. Sisi tuliokaa tunakunywa kahawa. Hatumwombei yeye chochote, hatumwambii apumzike, wala hatumpi pole mkewe. Tunajikumbusha wenyewe kwamba aliyechukuliwa hakuwa wetu, mwenyewe kachukua chake, na sisi tuko njiani tunafuata. Ndo maana ukilitafsiri "pumzika kwa amani" umepotea kabisa, manake hilo linamsema maiti na hili linamsema aliye hai. Haya, nakubali kwamba kimatumizi linafika kwa wafiwa kama pole, wanalipokea hivyo na linawatuliza, sibishi. Lakini mtu akikuuliza maana mpe maana.

Na siyo la kifo peke yake. Ni kipande cha aya ya 156 ya Suratul Baqara, na aya ya kabla yake inataja majaribu yenyewe: hofu, njaa, kupungukiwa mali, watu na mazao. Halafu inasema wabashirie wanaosubiri, wale ambao ukiwasibu msiba husema maneno haya. Kiarabu hapo ni musiba, yaani jambo lolote baya lililokusibu. Sisi Waswahili tukalichukua neno tukalibana mpaka likabaki na jeneza na turubai, ndo maana tukisikia inna lillahi tunadhani lazima kuna mtu kafa. Shangazi yangu Tanga aliwahi kuisema kwa sauti jikoni, pilau la wageni limeshika chini limeungua, jirani akaja mbio kanga begani, "nani tena jamani?" Shangazi wala hakuwa amekosea.

Kuna kisa cha Ummu Salama, kiko kwenye hadithi za Sahihi Muslim. Mumewe Abu Salama alipofariki akasema hayo maneno, akaongeza dua aliyofundishwa na Mtume, kwamba Mola amlipe katika msiba wake na ampe badala iliyo bora. Huku moyoni anajiuliza, nani tena atakuwa bora kuliko Abu Salama? Mwanamke anasema kweli yake! Baadaye aliyekuja kumposa ni Mtume mwenyewe. Kwa hiyo hata dua inayofuatana na maneno haya ni ya aliyefikwa, anajiombea yeye.

Yule kaka akaniuliza tena, na mimi Mkristo naweza kusema? Nikamwambia sioni ubaya, ila ukisema "poleni sana, Mungu awape subira" hakuna atakayekudai zaidi.

Kwa wale wa kuandika kwenye simu, msikate mkaishia "innalillah" tu, hapo umesema sisi ni wa Mungu halafu kurejea umekuacha njiani. Na ukitaka kumwombea marehemu mwenyewe, hilo ni jambo jingine. Sema Allah amrehemu, au kwa Kiarabu Allahumma ghfir lahu, Mola msamehe. Hiyo lahu ni ya mwanamume, mwanamke ni laha. Nimeona mtu kaandika lahu kwa bibi wa watu, na watu wazima na vilemba vyao wakajaza amina chini yake.