Binamu yangu wa Newala na zile siku saba za Uingereza

Mwaka wa tisa sasa naishi Coventry, Uingereza. Watu wa nyumbani wananiuliza huku kuna nini ambacho sisi hatuna. Safari hii nawajibu kwa habari ya binamu yangu, aliyekuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima upande wa Newala.

Msimu wa korosho uliopita aliona gunia linasoma kilo 81 kwenye mizani, na ukitoa uzito wa gunia zinabaki 80, lakini stakabadhi ya mkulima inaandikwa 78. Kilo mbili kwa gunia ni kitu kidogo, mzee aliyetoka shamba tangu alfajiri hatabishana. Lakini kwa siku wakipima magunia 150, hizo ni kilo 300 zisizo na mwenyewe. Haziwezi kukaa ghalani bila jina, kwa hiyo zinaandikiwa stakabadhi ya mkulima hewa, pamoja na zile za kangomba zinazonunuliwa kwa kificho nje ya chama, halafu malipo yanaingia kwenye akaunti ya mtu halisi. Binamu aligundua pale alipoona jina la bwana mwenye shamba la nusu eka akiwa ameleta tani mbili. Mimi nimekulia kwenye mikorosho, nusu eka haitoi hivyo hata mwaka wa neema.

Akanakili namba za stakabadhi kwenye daftari lake, akaenda kumwambia bosi wake. Bosi alikuwa ndani ya mchezo. Baadaye akapeleka TAKUKURU, na hapo ndipo alipopaswa kuanzia. Sheria yetu ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ipo tangu 2015. Inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema na akiwa na sababu ya kuamini asemacho. Kumfukuza, kumhamisha kwa nguvu au kumsumbua mtu huyo ni kosa. Maandishi hayo ni mazuri, wala sioni aibu kuyaonyesha huku.

Lakini kisasi hakiji kikijitambulisha. Wiki ya tatu walimtoa kwenye mizani, wakamweka kulinda geti. Kisha ikaja barua ya magunia matupu 14 yaliyopotea. Mwishoni akaambiwa kwa sauti ya upole kabisa, "Mkataba wako wa msimu umeisha, mdogo wangu, hatukufukuzi." Na kijijini kila mtu alijua nani amesema, maana daftari lile lilipita mikononi mwa karani mmoja tu.

Hapa ndipo panaponiuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema wazi kwamba kutoa taarifa unayoruhusiwa kisheria kuitoa si sababu halali ya kuachishwa kazi. Ila sehemu hiyo ya sheria haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, na msimu wa korosho haufiki miezi sita. Kilichomwokoa binamu ni kwamba miezi inajumlishwa hata kama mikataba ni mingi, naye alikuwa na misimu minne. Tena mkataba ukiisha wenyewe, lazima uonyeshe ulikuwa na matarajio ya haki kwamba utaongezwa. Kuitwa msimu baada ya msimu kunasaidia kuthibitisha hilo.

Huku, mfanyakazi mwenzangu wa ghala aliripoti zamu hewa zilizokuwa zikilipwa. Alikuwa na miezi minne tu kazini. Walimfukuza Ijumaa. Kwa mtoa taarifa Uingereza haihesabu miezi, ulinzi unaanza siku ya kwanza. Na ndani ya siku saba tangu kufukuzwa anaweza kumwomba hakimu wa kazi amri ya muda. Akikubaliwa, mwajiri anamrudisha au anaendelea kumlipa mshahara hadi kesi iishe. Dada yule alikubaliwa, ingawa wengi hukataliwa, kwa sababu hakimu lazima aone kesi ina uwezekano mkubwa wa kushinda. Na kwenye chumba cha chai hakuna aliyekaa naye tena. Hilo halina tofauti na Newala.

Tofauti yangu kubwa ni mshahara wa hiyo miezi ya kusubiri. Binamu alisubiri kwa kuuza mbuzi wawili wa mama yake. Mjomba akamwita barazani, akamwambia aache, familia itaonekana ya wachongezi. Nataka bunge letu liondoe ile miezi sita kwa mtoa taarifa, na lilete amri ya kulipwa wakati kesi inasubiri. Hayo mawili tu.

Tena kuna la haraka kwa walioko kwenye vyama sasa hivi. Ukiachishwa, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku zinahesabika tangu kuachishwa, na binamu alizipoteza akisubiri wazee wamalize mazungumzo. Alifika ofisini Mtwara siku ya 41. Imebidi kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyochelewa, na kiapo chake amekiambatanisha na nakala ya daftari, namba za stakabadhi zikiwa kwa mwandiko wake mwenyewe.