Ada ya Bima Ikizidi Gharama za Matibabu

"Mwaka jana nimelipa ada ya bima 1,200, na bado nikatoa 580 mfukoni. Bili zangu zote za matibabu zilikuwa 900 tu. Si bora niache?"

Ukitazama mwaka huo peke yake, bima ilikugharimu 880 zaidi ya ambavyo ungelipa bila hiyo. Wanaosema ni hasara wana hoja. Ila hakikisha kwanza hiyo 900 ni bei ya nani. Mara nyingi kampuni ya bima huwa imepatana bei na hospitali, na anayelipa taslimu hutozwa tofauti, pengine zaidi, pengine pungufu. Uliza bei ya taslimu ya huduma zilezile kabla ya kulinganisha.

Sasa tazama hiyo 580 imetokana na nini. Inaelekea mpango wako unakutaka ujilipie 500 za mwanzo, kisha uchangie asilimia 20 ya kinachobaki, yaani 80. Kwa masharti hayo, ukiwa na bima au bila bima utatumia sawa pale bili za mwaka zinapofika 2,000: utatoa 800 mfukoni, ukiongeza na ada inakuwa 2,000 kamili. Chini ya hapo bima inakugharimu zaidi. Juu ya hapo inaanza kukuokolea. Mtu mwenye afya anaweza kukaa miaka mingi chini ya mstari huo, na mimi simlaumu akinung'unika.

Lakini chukua mwaka wa upasuaji, bili ikafika 20,000. Anayejiwekea 1,200 kila mwaka badala ya bima anahitaji karibu miaka 17 kufikisha kiasi hicho, na ugonjwa unaweza kuja mwaka wa pili.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kusoma mkataba, kwa sababu neno "kikomo" lina maana mbili. Kuna kikomo cha pesa utakazotoa wewe. Kikiwa 2,000, mwaka huo mbaya utakugharimu 3,200 pamoja na ada, na iliyobaki ni ya kampuni. Kuna pia kikomo cha pesa itakazotoa kampuni. Kikiwa 5,000, wewe utabaki na deni la 15,000 juu ya ada uliyokwisha kulipa. Ada ni ileile, lakini mpango huu wa pili unakuacha peke yako pale pale ulipouhitaji.

Kwa hiyo kabla ya kuacha, tafuta kikomo chako ni kipi. Kikiwa cha kwanza, ningeendelea kulipa. Kikiwa cha pili na kiko chini hivyo, ningetafuta mpango wa kujilipia zaidi mwanzoni lakini wenye kikomo kikubwa cha kampuni, na nisingeacha huu wa sasa mpaka kipindi cha kusubiri cha ule mpya, ambapo bado haulipii matibabu yote, kiishe.