Uwiano darasani, zege mtaani: mwanafunzi anakwama wapi?

"Mwanangu yuko sekondari, mazoezi ya uwiano anapata yote. Swali likigeuzwa kidogo tu anakwama. Si ina maana hakuelewa tangu mwanzo?" Mzazi, Kigamboni.

Walimu wengi wa hapa Dar watajibu ndiyo, na dawa yao ni kumwongezea mazoezi. Wana hoja. Mtoto ambaye kugawanya kunamshinda hatasaidiwa na maelezo yoyote ya jinsi ya kufikiri. Isitoshe, waliotafuta njia ya kunoa akili kwa jumla wameambulia kidogo. Mwaka 1901 wanasaikolojia Thorndike na Woodworth waliwazoeza watu kukadiria eneo la mistatili, kisha wakawapa maumbo mengine. Faida iliyovuka kwenda kwenye maumbo hayo ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Hata hivyo, kusema "hakuelewa" kunamwonea mtoto, na utafiti wa wanasaikolojia Gick na Holyoak wa mwaka 1980 unaonyesha kwa nini. Waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu: daktari atauaje uvimbe kwa mionzi ikiwa mionzi yenye nguvu ya kutosha inaua pia nyama yenye afya inayopitia? Mmoja hivi kati ya kumi ndiye aliyegundua kwamba mionzi hafifu ipigwe kutoka pande nyingi, ikutane kwenye uvimbe. Wengine walisomeshwa kwanza hadithi ya jenerali aliyegawa jeshi lake katika vikosi vidogo, vikapita njia tofauti na kukutana ngomeni. Wanafunzi hao walifumbua kwa kiasi cha asilimia 30. Walipodokezwa kwamba hadithi ile inaweza kuwasaidia, wakafika karibu asilimia 75.

Tuitazame vizuri tofauti hiyo ya 30 na 75. Hadithi ni ileile, na kidokezo hakikumfundisha mtu lolote kuhusu mionzi. Karibu nusu ya wasomaji walikuwa na jibu kichwani na hawakujua kwamba hapo ndipo pa kulitumia. Mazoezi zaidi ya aina moja hayagusi tatizo hilo, kwa sababu juu ya kila ukurasa kumeandikwa "Zoezi la Uwiano", na maneno hayo ndiyo kidokezo. Mtoto hajawahi kuamua mwenyewe njia ipi itumike.

Chukua swali la darasani: Asha na Juma wagawane faida ya shilingi 50,000 kwa uwiano wa 2:3. Mtoto anajumlisha 2 na 3, anagawanya 50,000 kwa 5, anampa Asha 20,000 na Juma 30,000. Sasa mpeleke kwa fundi anayechanganya saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4, na ana ndoo 28 za kokoto. Saruji inatakiwa ndoo ngapi? Mtoto yuleyule anajumlisha, anapata 7, anagawanya 28 kwa 7, anaandika saruji 4, mchanga 8, kokoto 16. Hesabu imetoka bila baki, kwa hiyo haishuku. Lakini kokoto zilikuwa 28, zimekuwaje 16? Sehemu nne za kokoto ndizo ndoo 28, hivyo sehemu moja ni ndoo 7: saruji 7, mchanga 14. Alichokishika ni hatua, nazo zimefungwa kwenye sura ya swali la faida.

Hapo mwalimu hujaribiwa kuitamka kanuni kwa sauti zaidi. Gick na Holyoak walilijaribu hilo mwaka 1983: kuambatanisha kanuni na hadithi moja hakukusaidia kitu cha maana. Kilichosaidia ni kuwapa hadithi mbili tofauti na kuwataka waeleze zinafanana wapi, na aliyeeleza vizuri ndiye aliyeelekea kufumbua swali la uvimbe. Kwa hiyo swali la faida na la zege yakae ubaoni pamoja, na watoto waulizwe: 50,000 ni ya nini, ya wote au ya mmoja? Na 28 je? Waandike tofauti kwa maneno yao kabla ya kukokotoa.

Najua mwalimu mwenye darasa lililofurika atasema muda hana. Ni kweli kipindi kitaisha kwa maswali mawili badala ya kumi. Naona bado inalipa, mradi kugawanya kwenyewe wameshakuzoea. Wasiokuzoea waanze na mazoezi ya kawaida. Pia asitarajie mengi mno: maswali ya faida na zege pekee hayatamfikisha mtoto kwenye uwiano wa kuchanganya dawa katika somo la kemia. Mfano wa tatu utoke huko.

Mzazi wa Kigamboni anaweza kupima mwenyewe. Ampe mwanawe swali la zege wiki mbili baada ya mada kwisha, katikati ya maswali ya asilimia na eneo, bila kichwa cha habari. Akikwama, amwambie tu kwamba ni uwiano. Akifumbua baada ya hapo, kukokotoa anakujua, na kinachohitaji kufundishwa ni kulitambua swali. Akiandika 4, 8, 16, amuulize kokoto nyingine zimekwenda wapi.